Bakteria Walioshikamana: Ukoga wa Meno, Mpira wa Mkojo na Dawa Isiyofika

Dawa nyingi za kuua vijidudu hupata sifa zake kwa kujaribiwa dhidi ya bakteria wanaoelea katika maji, kila mmoja akiwa peke yake, akizungukwa na dawa pande zote na akiwa hana mahali pa kujikinga. Katika kimojawapo cha vipimo vya msingi vinavyotumika Ulaya, dawa huchanganywa na kimiminika chenye bakteria wa namna hiyo na kupewa dakika 5, kisha hukubaliwa ikiwa katika kila bakteria 100,000 hakusalia zaidi ya mmoja. Kipimo hicho hakina kosa kwa jambo kinalolipima, lakini jambo lenyewe si la kawaida katika maisha ya bakteria, kwa kuwa juu ya meno, ndani ya mipira ya hospitali na katika mabomba ya maji sehemu kubwa ya bakteria hawaelei, bali wamejishikiza kwenye uso wa kitu, wakajizungushia ute na kuishi kwa matabaka. Makazi hayo huitwa utando wa bakteria, na waliomo ndani yake huweza kustahimili dozi iliyo kubwa mara kumi, mara mia, na pengine mara elfu kuliko ile inayowaua wenzao wanaoelea.

Jambo linalostahili kueleweka kwanza ni kwamba bakteria hao si wa aina nyingine, wala kwa kawaida hawana jeni maalumu ya kuishinda dawa. Wakikwanguliwa kutoka kwenye utando, wakatawanywa majini na kuoteshwa upya, hufa kwa dozi ileile ya kawaida. Kwa sababu hiyo wataalamu hutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa: usugu, ambao bakteria huurithi na huenda nao kokote, na ustahimilivu, ambao hutokana na mahali alipo na hali aliyomo, nao hupotea akitoka hapo. Kinachofanyika kwenye meno na kwenye mipira ya hospitali mara nyingi ni ustahimilivu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa ipi itumike, lini itumike, na ni wakati gani dawa yoyote itakuwa ni kazi bure.

Mtu wa kwanza kuliona jambo hili hakuwa daktari wala msomi wa chuo, bali mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, ambaye alijitengenezea hadubini za lenzi moja zenye nguvu kuliko zote za zama zake. Katika barua ya tarehe 17 Septemba 1683 aliyoipeleka kwa Jumuiya ya Kifalme ya London, alieleza jinsi alivyochukua uchafu mweupe uliokwama kati ya meno yake, akauchanganya na maji safi ya mvua au na mate, na kuona viumbe vidogo vingi vikienda huku na huku. Leeuwenhoek alijaribu pia siki. Aliposukutua kwa siki kisha akauchunguza uchafu wa kati ya magego, alikuta viumbe hai vingi bado, lakini alipouchanganya uchafu wenyewe na siki kidogo nje ya kinywa, viumbe hivyo vilikufa papo hapo. Alihitimisha kwamba siki iliwaua waliokuwa pembezoni tu na haikupenya hadi ndani. Yalikuwa maelezo sahihi ya ustahimilivu wa utando, yaliyoandikwa karibu karne mbili kabla ya mtu yeyote kuthibitisha kwamba bakteria husababisha magonjwa.

Uchafu ule aliouchunguza ndio ukoga, yaani ule utando laini wenye rangi ya maziwa unaohisiwa na ulimi asubuhi. Ukoga si mabaki ya chakula, ingawa wengi hudhani hivyo. Ni bakteria hai, wapatao bilioni 100 katika kila gramu moja, pamoja na ute wanaoutengeneza wao wenyewe. Dakika chache tu baada ya jino kusuguliwa likawa safi kabisa, protini za mate huligandia na kufanya ngozi nyembamba isiyoonekana, na ngozi hiyo ndiyo inayowapa bakteria wa kwanza, wengi wao wakiwa wa jamii ya Streptococcus, mahali pa kushika. Mwanzoni ushikaji huo ni dhaifu na mkondo wa mate huweza kuwang'oa, lakini ndani ya saa chache hujifunga imara, huanza kugawanyika, na hutoa nyuzinyuzi za sukari zilizoungana, ambazo huwagandisha pamoja na kuwagandisha kwenye jino. Sukari ya mezani huharakisha kazi hiyo, kwa kuwa baadhi ya bakteria hao wana vimeng'enya vinavyoigeuza moja kwa moja kuwa gundi isiyoyeyuka majini. Wengine huja baadaye na kujishikiza juu ya waliotangulia, na kadiri tabaka linavyonenepa ndivyo oksijeni inavyopungua upande wa chini, hadi bakteria wasiopenda oksijeni, ambao ndio wanaohusishwa zaidi na magonjwa ya fizi, wanapata nafasi yao.

Madhara ya kuuacha utando huo ukue yalithibitishwa mwaka 1965 huko Aarhus, Denmaki, pale Harald Löe na wenzake walipowaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa fizi, aliyewahi akiupata kwa siku 10 na aliyechelewa kwa majuma 3 hivi, na wote walipona waliporudia kusafisha. Miaka 5 baadaye Löe, akiwa na mtafiti mwenzake Rindom Schiött, alionyesha jambo lililowasisimua madaktari wa meno: mtu aliyesafishwa meno vizuri, kisha akaacha kupiga mswaki lakini akawa anasukutua mara mbili kwa siku kwa mililita 10 za klorheksidini ya asilimia 0.2, hakujenga ukoga wala hakuvimba fizi. Klorheksidini ni dawa yenye chaji chanya ya umeme, inayogandia kwenye uso wa jino na kwenye ngozi ya bakteria, na kubaki hapo kwa saa nyingi ikiendelea kufanya kazi.

Ilionekana basi kwamba mswaki umepata mbadala, lakini tokeo hilo lilikuwa na sharti ambalo wengi hawakulitilia uzito, nalo ni kwamba meno yalikuwa safi tangu mwanzo. Watafiti wa Amsterdam waliochapisha kazi yao mwaka 2001 walikuza ukoga katika mifereji myembamba iliyochongwa kwenye vipande vidogo vilivyovaliwa mdomoni na watu wa kujitolea, wakauacha utando wa saa 6, wa saa 24 na wa saa 48, kisha wakautia katika klorheksidini ya kiwango kilekile cha asilimia 0.2 kwa dakika moja na kuutazama kwa hadubini ya leza inayoweza kuona tabaka kwa tabaka bila kuukata. Utando mchanga uliathirika vizuri, lakini katika ule wa siku mbili waliokufa walikuwa wa tabaka la nje, na chini yao wengine walikuwa wazima. Dawa ilikuwa ileile, kinywa kilekile na muda uleule, na kilichobadilika kilikuwa umri wa utando peke yake. Ndiyo maana klorheksidini leo hupewa mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kinywa au aliyekwisha kusafishwa meno, na ndiyo maana pia mtu anayesukutua dawa ya rangi nzuri juu ya ukoga wa juma zima hununua harufu nzuri ya pumzi na si zaidi sana ya hapo.

Sababu ya kwanza inayoifanya dawa ishindwe huonekana rahisi, lakini mara nyingi huelezwa visivyo. Husemwa kwamba ute ni ukuta unaoizuia dawa isipite, ilhali sehemu kubwa ya ute huo ni maji, na chembe ndogo kama za klorini au za dawa nyingi za antibiotiki zingeweza kupenya ndani yake kwa dakika chache kama hakuna kinachozikamata. Tatizo ni kwamba zinakamatwa. Klorini hushambulia kila kitu cha kikaboni inachokutana nacho, iwe ni bakteria hai, mzoga wake, protini au sukari ya ute, na katika kila shambulio klorini yenyewe hutumika na kwisha. Kwa hiyo dawa hujikuta ikipoteza nguvu katika matabaka ya juu, kama maji machache yanayomwagwa juu ya mchanga mkavu, ambayo hulowesha juu na kukauka kabla ya kuifikia mizizi. Klorheksidini nayo, kwa chaji yake chanya, huvutwa na vitu vyenye chaji hasi katika ute, na miongoni mwa vitu hivyo imo DNA iliyomwagika kutoka kwa bakteria waliokufa, ambayo hutumika kuuimarisha utando wenyewe.

Jambo hili lilipimwa moja kwa moja mwaka 1994 na Dirk de Beer, Rohini Srinivasan na Philip Stewart huko Montana, Marekani. Walitengeneza kihisio cha klorini chenye ncha ya mikromita 10 hivi, yaani nyembamba kuliko unywele, wakaishusha kidogo kidogo ndani ya utando wa bakteria wa aina mbili, Pseudomonas aeruginosa na Klebsiella pneumoniae, huku maji yenye klorini yakipita juu yake. Ndani ya utando, kiwango cha klorini kwa kawaida hakikuzidi asilimia 20 ya kile kilichokuwa katika maji ya juu, na hata baada ya saa moja hadi mbili viwango hivyo viwili havikuwa vimelingana. Mtu anayesoma kwenye chupa kwamba dawa hufanya kazi kwa dakika 10 hana budi kukumbuka kwamba dakika hizo zimehesabiwa kwa bakteria aliyefikiwa na dawa nzima. Kwa hidrojeni peroksaidi hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa Pseudomonas ana kimeng'enya cha katalesi kinachoivunja dawa hiyo kuwa maji na oksijeni. Bakteria mmoja anayeelea hana katalesi ya kutosha kuushinda mmiminiko wa dawa, lakini maelfu yao waliobanana huivunja kwa kasi kuliko inavyoingia, na utando wa bakteria walioondolewa katalesi hiyo kwa makusudi maabarani hupenywa na peroksaidi hadi chini.

Hata hivyo, kutofika kwa dawa hakuelezi kila kitu, kwa sababu zipo dawa zilizoonekana zimefika hadi chini ya utando na bado bakteria wakasalia. Hapa ndipo hali ya bakteria mwenyewe inapoingia. Wale wa juu hupata chakula na oksijeni, wanakua na kugawanyika. Wale wa chini, mara nyingi umbali wa mikromita 50 tu kutoka juu, hawapati oksijeni wala chakula cha kutosha, na huipunguza kasi ya maisha yao hadi karibu na kusimama. Antibiotiki nyingi huua kwa kuvuruga kazi inayoendelea: penisilini humwua bakteria anayejenga ukuta wa seli, na nyingine humwua anayetengeneza protini. Asiyejenga wala kutengeneza chochote hana kazi ya kuvurugwa, na njaa ile inayomdhoofisha ndiyo hiyohiyo inayomlinda. Dawa za kusafishia kama klorini hazitegemei sana ukuaji, lakini bakteria mwenye njaa huwa pia amekwisha kuamsha mifumo yake ya kujikinga na madhara, na kwa hiyo hata kwa dawa hizo hana wepesi wa kufa.

Katika kila kundi la bakteria wamo pia wachache waliozubaa kabisa bila kushurutishwa na njaa. Mwaka 1944 Joseph Bigger, mtaalamu wa bakteria kutoka Dublin, alieleza katika jarida la Lancet kwamba penisilini iliyowaua karibu bakteria wote wa aina ya stafilokoka haikummaliza takribani mmoja katika kila milioni, na kwamba waliosalia, walipooteshwa tena, walizaa kizazi kilichouawa na penisilini kama kizazi kilichotangulia. Bakteria wanaoelea mwilini waliosalia hivyo kwa kawaida humalizwa na chembe nyeupe za damu. Ndani ya utando chembe hizo haziingii kwa urahisi, na mara dawa inapokoma hao wachache huamka na kuujenga utando upya. Mgonjwa hupata nafuu kwa siku kadhaa kisha homa hurudi, na kurudi huko kwa homa yenye bakteria yuleyule, anayeonekana maabarani kuwa anauawa na dawa ileile aliyopewa mgonjwa, ni mojawapo ya dalili zilizo wazi kwamba pana utando mahali fulani mwilini, mara nyingi juu ya kitu cha kigeni kilichowekwa na daktari.

Kitu cha kigeni kinachowekwa mwilini mara nyingi sana hospitalini ni mpira wa mkojo, au katheta, ule mrija wa silikoni au wa mpira ulioingia katika matumizi ya jumla tangu miaka ya 1930 kwa jina la daktari wa Kimarekani Frederic Foley. Mrija huo hupitishwa katika njia ya mkojo hadi kwenye kibofu, na puto dogo lililo karibu na ncha yake hujazwa maji ili usichomoke. Mwili wenye afya huilinda njia ya mkojo kwa kuiosha kila mkojo unapotoka na kukiacha kibofu kikiwa kitupu. Mpira huondoa kinga zote mbili, kwani mkojo hutiririka polepole bila kusukuma, na kiasi kidogo husalia daima chini ya puto. Bakteria hupanda kwa nje, kati ya mpira na nyama, au kwa ndani, kutoka kwenye mfuko wa mkojo na kwenye maungio yanayofunguliwa ovyo. Kwa kila siku ambayo mpira umebaki mwilini, uwezekano wa mkojo kuingiwa na bakteria huongezeka kwa takribani asilimia 3 hadi 7, na baada ya mwezi mmoja karibu kila mwenye mpira huwa nao.

Mwaka 1985 kundi la watafiti wa Calgary, Kanada, wakiwamo Curtis Nickel na William Costerton, lilichukua Pseudomonas aeruginosa kutoka kwa mgonjwa mwenye maambukizi ya mkojo na kumpitisha, ndani ya mkojo wa kutengenezwa, juu ya vipande vya mpira wa Foley. Kwa muda wa saa 8 bakteria walijishikiza na kujenga utando mnene. Ndipo watafiti wakaondoa bakteria wote wanaoelea na kupitisha mkojo usio na bakteria uliotiwa tobramaisini, antibiotiki yenye nguvu ya jamii moja na jentamaisini. Wale wanaoelea waliuawa wote kwa mikrogramu 50 za dawa katika kila mililita. Kwa walio katika utando watafiti walitia mikrogramu 1,000 kwa mililita, kiasi kilicho mara 20 ya hicho, wakaiacha kwa saa 12, na bado sehemu kubwa ya bakteria ilikuwa hai. Maabara ya hospitali, ambayo huotesha bakteria wa mgonjwa huyo na kuwapima wakiwa wametawanyika, ingeandika bila kukosea kwamba tobramaisini inafaa, na daktari angeiandika, na mgonjwa asingepona kwa sababu ambayo karatasi ya majibu haina mahali pa kuionyesha.

Bakteria mwingine, Proteus mirabilis, huifanya hali iwe ngumu zaidi. Huyu ana kimeng'enya cha ureasi, kinachoivunja urea iliyojaa katika mkojo na kutoa amonia, na amonia huuondolea mkojo ukali wake wa asidi hadi pH kufikia 8 na zaidi. Katika hali hiyo madini yaliyokuwa yameyeyuka katika mkojo, hasa fosfeti za magnesiamu na za kalsiamu, huganda kuwa chembechembe ngumu ndani ya utando wenyewe, kama ukoga wa meno unavyogeuka kuwa ugaga usiotoka kwa mswaki. Tundu la mpira huziba. Muuguzi au ndugu anayemtunza mgonjwa nyumbani huona mfuko haujai kama kawaida ilhali mgonjwa anakunywa maji, mkojo unavuja pembeni mwa mpira, na tumbo la chini limevimba na linauma. Mpira ukitolewa, ncha yake na vitundu vyake huonekana vimefunikwa na magamba meupe yanayokwaruza. Mkojo uliozuiwa huweza kurudi juu hadi kwenye figo pamoja na bakteria wake, na hatari ya homa kali ya kuingiwa na bakteria katika damu huanzia hapo. Inakadiriwa kwamba hadi nusu ya watu wanaoishi na mpira kwa miezi na miaka hukutana na kuziba kwa namna hii.

Kwa muda mrefu jibu lililoonekana la busara lilikuwa kukiosha kibofu kwa klorheksidini hafifu kupitia mpira uleule. David Stickler wa Cardiff, aliyeitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuchunguza tatizo hili, ni miongoni mwa walioonyesha kwa nini jibu hilo halikufaa. Dawa iliwapunguza wanaoelea katika mkojo ikauacha utando, na mwaka 1974 alikwisha kuripoti aina za Proteus, kutoka kwa wagonjwa waliopooza, zilizokuwa sugu kwa klorheksidini kwa maana kamili ya usugu. Hapa ustahimilivu uliandaa njia ya jambo baya zaidi: bakteria waliokuwa wakifikiwa kila siku na dawa kidogo isiyowaua walipewa muda na nafasi ya kuchujwa, hadi wakabaki wale ambao dawa haiwadhuru hata wakiwa wanaelea. Leo miongozo mingi haipendekezi kuosha kibofu kwa dawa kama utaratibu wa kila siku.

Kuupaka mpira wenyewe dawa nako hakukuleta matokeo yaliyotarajiwa. Jaribio kubwa lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012, lililowahusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 waliowekewa mpira kwa muda mfupi, halikuona faida ya mpira uliopakwa madini ya fedha ukilinganishwa na wa kawaida. Uso uliopakwa dawa hufunikwa na protini za mkojo punde tu baada ya kuingizwa, na kwa hiyo bakteria anayefika hukanyaga protini hizo kabla ya kuikanyaga dawa.

Yanayosaidia ni mambo yanayouondoa utando au kuunyima muda. Mgonjwa mwenye homa ya maambukizi ya mkojo, ambaye mpira wake umekaa zaidi ya majuma mawili, hubadilishiwa mpira anapoanza dawa, na mkojo wa kuotesha huchukuliwa kutoka kwenye mpira mpya, kwa sababu mkojo uliopitia mpira wa zamani huonyesha bakteria wa utando na si lazima wale wanaomwumiza. Asiye na homa wala maumivu, hata kama mkojo wake umekuwa na ukungu au harufu, kwa kawaida hapewi antibiotiki, kwa kuwa bakteria watakuwapo maadamu mpira upo, na dawa itabadilisha tu aina yao. Kwenye meno kanuni ni hiyohiyo: nywele za mswaki, au nyuzi za mti wa mswaki unaotumiwa tangu zamani katika pwani ya Afrika Mashariki, huvunja utando kwa nguvu ya kusugua, na dawa yoyote inayofuata hukutana na bakteria waliotawanyika.

Kanuni hiyo imebadilisha pia utaratibu mmoja uliofundishwa kwa miaka mingi katika vituo vya afya vya nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki, wa kutumbukiza vifaa vyenye damu katika klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuviosha. Nia ilikuwa njema, yaani kumlinda mhudumu anayeosha. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji wa vifaa hivyo haupendekezi tena kuvitumbukiza katika dawa kwanza, kwa kuwa damu na majimaji ya mwili huimaliza nguvu dawa, vifaa hupata kutu, na ndoo yenyewe huweza kuwa chanzo cha vijidudu na mahali pa kujengeka utando. Mhudumu hulindwa kwa glovu nene, aproni na kinga ya macho, vifaa huoshwa kwa maji, sabuni na brashi, hasa katika matundu na maungio, na baada ya hapo ndipo huuliwa vijidudu vyake kwa mvuke au kwa dawa.

Kwa watu ambao kibofu chao hakiwezi kujitoa mkojo maisha yao yote, kama waliovunjika uti wa mgongo, njia iliyopunguza sana madhara ya utando ilitoka kwa Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1972. Yeye alipendekeza mgonjwa ajifunze kujipitishia mpira mwenyewe mara kadhaa kwa siku, mkojo uishe, kisha autoe, akitumia mpira ulio safi tu na mikono iliyooshwa, bila kulazimika kutumia kifaa kisicho na kijidudu hata kimoja. Wengi wakati huo waliona pendekezo hilo ni hatari, kwa kuwa lilipingana na mafundisho ya vyumba vya upasuaji. Lakini wagonjwa wake walifanya vizuri, na sababu yake moja inaeleweka vyema kutokana na yaliyokwisha kuelezwa: bakteria wachache wanaoingia na mpira hutolewa na mkojo katika mzunguko unaofuata, na mpira unaokaa kwenye kibofu dakika chache kila baada ya saa 4 hadi 6 haukai vya kutosha kwa utando kuanza kujengeka juu yake.